Mkato kabla ya jina: Amina kasaidia au kasaidiwa?

Barua pepe imefungwa hivi: "Asante kwa kumsaidia Amina." Anayeshukuriwa ni msomaji, na Amina ndiye aliyesaidiwa. Sasa tia mkato: "Asante kwa kumsaidia, Amina." Mambo yamegeuka. Amina ndiye anayeshukuriwa, na aliyesaidiwa ni mtu mwingine ambaye hatajwi. Wanaoshikilia kwamba jina la unayesema naye litengwe kwa mkato wana hoja nzito hapo.

Ila wasioujali nao wana lao. Badilisha kiambishi kimoja tu: "Asante kwa kunisaidia Amina." Hakuna wa kukosea, maana -ni- imeshamtaja aliyesaidiwa, na Amina amebaki kuwa wa kuitwa tu. Ndivyo ilivyo hata kwenye salamu. Ningetaka kuuliza yanayomhusu Amina, ningeandika "Habari za Amina". Pasipo hiyo "za", "Habari Amina" haina maana ya pili, iwe na mkato au isiwe nao.

Tena kwenye salamu mkato unaleta sura mbaya. Ukifuata kanuni na desturi kwa pamoja unapata "Habari, Amina," yaani mikato miwili kwa maneno mawili: wa kwanza unatenga jina, wa pili unafunga salamu. Wengi huumeza ule wa kwanza, nami siwalaumu. Asiyetaka kuuacha amalizie kwa nukta: "Habari, Amina." Kwa "Mpendwa Amina" na "Ndugu Juma" ugomvi wenyewe haupo, kwa kuwa mpendwa na ndugu vimeshikamana na jina. Anayeandika "Mpendwa, Amina" amejitahidi kupita kiasi.

Kwa hiyo mimi hutazama kitenzi kwanza. Kikiwa na -m- au -wa- na jina la ninayesema naye likafuata papo hapo, sikosi kuweka mkato. Kikiwa na -ni- au -tu-, naweka kwa mazoea, lakini simsahihishi aliyeuacha.

Kuna mahali pamoja ambapo mkato wenyewe ndio unaopotosha, na watetezi wake hupapita kimya. Neema anamwandikia Juma, nakala inakwenda kwa wengine, na mstari wa mwisho unasomeka "Asante, Juma". Kisarufi hana kosa. Lakini hapo chini ndipo watu huweka sahihi, na neno la kuagia, mkato, kisha jina ndiyo sura ya sahihi. Aliyepata nakala atadhani Juma ndiye mwandishi, hasa kama Neema hakuandika jina lake. Kuufuta mkato kunapunguza utata kidogo tu. Kinachouondoa ni kuiingiza shukrani kwenye sentensi kamili, "Asante, Juma, kwa kutuma ripoti mapema," kisha Neema aandike jina lake kwenye mstari wa peke yake.