Pini ikichomoka, trela inabaki na bima ya nani?

Msimu uliopita wa mahindi huku Trans Nzoia, trekta ya mjomba ilikuwa inapanda kilima ikivuta trela ya magunia 60 ya kilo 90, yaani zaidi ya tani 5, na katikati ya mlima pini ikachomoka. Trekta ikaruka mbele ikiwa nyepesi, trela ikarudi nyuma peke yake, ikamgonga kijana wa boda akavunjika mguu, ikaenda kusimama ndani ya kibanda cha mama mboga. Mjomba alikuwa na bima ya trekta, tena stika ilikuwa mpya, akampigia ajenti simu bila wasiwasi wowote. Swali la kwanza likawa, "Mzee, hiyo trela iko kwa hati?"

Haikuwa.

Hapa ndipo wengi wetu tunakosea, tunadhani chochote unachofunga nyuma ya trekta au gari kinaingia kwa bima ya kile kinachokivuta. Hati nyingi za magari madogo nilizosoma zinakuruhusu kuvuta gari moja lililoharibika, na usiwe umelipwa kulivuta. Sasa trela ya ng'ombe au ya jenereta si gari lililoharibika. Na hata pale trela imekubaliwa, mara nyingi maneno yanasema "ikiwa imeunganishwa", alafu hapo ndio unajiuliza, ikishachomoka ikiwa mlimani inashuka yenyewe, bado imeunganishwa?

Wakili wa mjomba alisema kosa lilitokea wakati trela bado inavutwa, kwa sababu pini mbovu ilikuwa mbovu tangu waondoke shambani, kwa hivyo ajali ni ya matumizi ya trekta. Mimi naona hoja hiyo iko sawa kabisa, lakini ilichukua miezi saba ya barua na safari za mjini kabla ya kampuni kukubali kuzungumza na yule kijana, na miezi hiyo yote yeye hakuwa anabeba abiria. Hicho ndicho kinaniuma zaidi.

Kibanda nacho kilikuwa hadithi nyingine. Sheria ya Kenya ya bima ya magari, Sura ya 405, inalazimisha bima ya kifo na majeraha ya mtu, na hata hapo kuna kikomo cha shilingi milioni 3 kwa mtu, korti ikitoa zaidi inayobaki ni yako. Mali ya mtu hailazimishwi, unaipata tu kama hati yako imeiweka. Ya mjomba haikuiweka, akauza mtamba mmoja akajenga kibanda upya.

Na hiyo pini yenyewe, nilienda kuiangalia. Ile ya asili ilipotea zamani, wakaweka kipande cha nondo, hakina tundu la klipu chini, kimefungwa na waya. Magunia yalikuwa yamerundikwa nyuma kwa sababu ni rahisi kuyashusha, na trela ya ekseli moja ukiilemea nyuma ule mkono wa mbele unainuka, mkianza kupanda unainuka zaidi, unaisukuma nondo juu mpaka inatoka. Cheni ya usalama hakuna. Ingekuwepo, imefungwa kwa fremu ya trekta, trela ingening'inia pale badala ya kukimbia.

Mbele ya hakimu hiyo waya ni balaa, maana trela iliyofungwa vizuri haichomoki yenyewe, kwa hivyo mwenye trekta ndiye anabaki kueleza. Kampuni haiwezi kumnyima aliyeumia ati trela ilikuwa mbovu au mzigo ulizidi, kifungu cha 16 cha hiyo Sura ya 405 kinakataa, ila hicho hicho kinairuhusu irudi kwako kudai ilicholipa. Yaani stika inamlinda kijana wa boda, wewe unaweza kubaki na deni.

Kwa wenye gari dogo kuna kosa lingine la kimya kimya. Ule mpira wa chuma unaovuta trela ukiwa wa inchi 1 na 7/8 na kichwa cha trela ni cha milimita 50, kitafunga, kitalia "tak", utadhani kimeshika, lakini kuna nafasi ya zaidi ya milimita 2 na bampu moja inakitoa. Ukishafunga, inua mkono wa trela kwa jeki, nyuma ya gari ikiinuka pamoja nao basi kimeshika, kichwa kikitoka usiondoke.

Mjomba sasa trela yake imeandikwa kwa hati kwa nambari yake ya Z, na tulimsumbua ajenti mpaka akaweka maneno "ikiwa imeunganishwa au imeachana", na mali ya watu wengine pia. Ile ya jirani tunayoazimaga bado haiko, kwa hivyo msimu huu haijaguswa.