Fundi akiwa barabarani, saa inahesabiwa kwa nani?

Chukua fundi wa lifti anayehudumia majengo matatu kwa siku. Saa 1:00 asubuhi anafika stoo ya kampuni, anapakia kebo na vipuri, anapewa orodha ya kazi, na saa 1:20 anawasha gari. Saa 2:10 yuko jengo la kwanza, anatoka saa 4:40. Dakika 35 barabarani, kisha jengo la pili kuanzia saa 5:15 hadi saa 7:00. Anakula na kupumzika dakika 40, anaendesha dakika 40 nyingine, na saa 8:20 anaanza jengo la tatu. Anamaliza saa 10:30, anarudisha vifaa stoo, na saa 11:15 jioni anaruhusiwa kwenda kwake.

Daftari la mahudhurio la kampuni nyingi litamwandikia saa 6 na dakika 25, kwa sababu linajazwa saiti: ulifika saa ngapi, uliondoka saa ngapi. Lakini tangu saa 1:00 hadi saa 11:15, ukitoa mapumziko, ni saa 9 na dakika 35. Tofauti ni saa 3 na dakika 10 kwa siku moja. Kwa siku tano ni saa 15 na dakika 50, yaani karibu siku mbili nzima za kazi ambazo hazikuandikwa popote.

Msimamo wangu ni kwamba kosa hapa linatokana na swali baya. Tunauliza, "Alikuwa anafanya kazi?" na jibu linakuwa, "Hapana, alikuwa ameketi kwenye gari." Swali la kuuliza ni kama muda ule alikuwa huru kuutumia apendavyo. Mkataba Namba 30 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1930, ulishaliweka hivyo: saa za kazi ni muda ambao mwajiriwa yuko chini ya amri ya mwajiri. Fundi wetu hawezi kupitia sokoni njiani akitoka jengo la kwanza kwenda la pili. Njia, gari, mzigo na saa ya kufika vyote vimepangwa na mwingine. Akikatiza njia kwa shughuli yake binafsi, dakika hizo zikatwe, na ni haki. Zilizobaki ni za mwajiri.

Safari ya kutoka nyumbani kwenda stoo ni suala jingine. Kwa kawaida haihesabiwi, kwa sababu mtu amechagua mwenyewe anapoishi. Ila angalia kinachotokea stoo ikifungwa. Mafundi wa mifumo ya ulinzi nchini Hispania walikutwa na hali hiyo mwaka 2011: ofisi za mikoani zilifungwa, wakapewa magari ya kwenda nayo nyumbani, na orodha ya wateja ikawa inaingia kwenye simu usiku wa kuamkia kazi. Mteja wa kwanza aliweza kuwa zaidi ya kilomita 100 mbali, na mwajiri akahesabu kazi kuanzia mlangoni kwa mteja huyo. Septemba 2015 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema safari ya kwenda kwa mteja wa kwanza na ya kurudi kutoka kwa wa mwisho ni muda wa kazi kwa watu wasio na kituo maalumu. Mantiki yake naikubali kabisa. Aliyefuta kituo ni mwajiri, basi hasara ya umbali asimtupie fundi.

Kusubiri kuitwa, au standibai kama wengi wanavyosema, kuna utata zaidi. Ukitakiwa kukaa kazini penyewe, hata ukipewa kitanda, mahakama hiyohiyo ilisema mwaka 2003, katika kesi ya daktari wa hospitali nchini Ujerumani, kwamba muda wote ni wa kazi, usingizi ukiwemo. Ugumu unaanza unaposubiri nyumbani. Hapo kipimo kikubwa ni dakika unazopewa za kufika. Mzimamoto mmoja wa Nivelles, Ubelgiji, alitakiwa kufika kituoni ndani ya dakika 8. Mwaka 2018 mahakama ilikubali kwamba kusubiri namna hiyo ni kazi. Kwa dakika 8 huwezi kwenda popote, huwezi hata kubaki na mtoto bila mtu mwingine mzima karibu.

Machi 2021 ilikuja kesi ya fundi wa mitambo ya matangazo milimani Slovenia. Yeye alipewa saa 1 ya kurudi kituoni, na mahakama ikasema hiyo peke yake haitoshi. Huangaliwa pia unaitwa mara ngapi kwa wastani, na kazi ya kila wito inachukua muda gani. Ikaongeza kwamba ugumu wa mazingira ya eneo, kama umbali na ukosefu wa mahali pa kujiburudisha, hauhesabiwi kwa kuwa haukuwekwa na mwajiri. Hapo siafikiani nayo. Mlima haukuwekwa na mwajiri, kweli, ila zamu ya huko mlimani nani aliipanga?

Tumrudishe fundi wetu wa lifti, sasa akiwa standibai kuanzia saa 12:00 jioni hadi saa 12:00 asubuhi, na anatakiwa kufika ndani ya dakika 30 mtu akikwama kwenye lifti. Simu inalia saa 5:40 usiku. Anafika saa 6:05, anamaliza saa 7:20, anarudi nyumbani saa 7:45. Kwangu kazi hapa ni saa 2 na dakika 5, tangu simu ilipolia hadi aliporudi mlangoni kwake. Karatasi nyingi zitaandika saa 1 na dakika 15 za pale kwenye lifti tu. Saa zilizobaki za usiku zitategemea mazoea: simu moja kwa wiki mbili ni tofauti na simu tatu kila usiku, na anayeruhusiwa kubadilishana zamu na mwenzake yuko huru kuliko anayekatwa mshahara akichelewa.

Kuna mtego mmoja ambao hata wasimamizi wazuri hunasa. Muda kuhesabiwa kuwa wa kazi si lazima ulipwe kwa kiwango kilekile. Sheria ya Ulaya inayoweka mipaka ya saa haipangi malipo. Nchi au mkataba wa hali bora unaweza kuweka kiwango cha chini kwa saa za kusubiri. Kwa hiyo mwajiri anayesema, "Posho ya standibai tumeshalipa," amejibu swali la pesa tu. La mapumziko bado. Sheria hiyo inadai saa 11 mfululizo za kupumzika kila siku. Fundi aliyerudi saa 7:45 usiku hapaswi kuonekana stoo kabla ya saa 6:45 mchana. Akiripoti saa 1:00 asubuhi kama kawaida, amepumzika saa 5 na dakika 15, kisha anapanda juu ya shimo la lifti.

Dawa ya kwanza ni daftari. Liongezwe safu mbili: saa ya kuondoka kila mahali, na saa simu ilipolia. Rekodi ya gari haitoshi, maana inaonyesha injini ilipowaka, haionyeshi dakika 20 za kupakia mzigo. Na zile dakika 30 za kufika ziandikwe ndani ya mkataba wenyewe. Zikibaki maagizo ya mdomo, siku ya mgogoro msimamizi atasema alimaanisha "ukipata nafasi".