Homoni za ukomo wa hedhi: kizazi, titi na damu inayoganda

"Nina miaka 52, kizazi ninacho, na hedhi ilikatika mwaka mmoja na nusu uliopita. Joto la usiku limeninyima usingizi. Mama yetu alipata saratani ya titi akiwa na miaka 70. Dada yangu aliondolewa kizazi kwa sababu ya fibroidi, sasa anatumia homoni na anasema hazina shida. Je, nami nitumie kama yeye?"

Kama yeye, hapana. Unaweza kutumia homoni, lakini si zile anazotumia yeye. Hapo ndipo mjadala wote huu unapopotea njia, maana watu husema "homoni" kana kwamba ni dawa moja.

Inayotuliza joto na kurudisha usingizi ni estrojeni. Mwanamke asiye na kizazi huipata peke yake. Mwenye kizazi akiitumia hivyo, utando wa ndani ya kizazi unaendelea kujengeka bila kitu cha kuuzuia, na baada ya muda chembe zake zinaweza kugeuka saratani. Jambo hili lilibainika wazi mwaka 1975, baada ya miaka mingi ya kugawa estrojeni peke yake. Dawa inayoutuliza utando huo ni projestojeni. Kwa hiyo dada yako hahitaji projestojeni, na wewe huwezi kuikwepa. Ukiazima vidonge vyake utapata nafuu ya joto huku ukikiweka kizazi chako hatarini, tena bila kujua.

Tatizo ni kwamba projestojeni hiyo hiyo inayolinda kizazi ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya hatari ya titi. Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani uliowapa wanawake zaidi ya 16,000 estrojeni pamoja na projestojeni, au vidonge visivyo na dawa, ulisimamishwa kabla ya wakati wake. Kati ya wanawake 10,000 kwa mwaka, saratani ya titi iliwapata 38 kwa waliotumia dawa na 30 kwa wasiotumia. Habari zilienea, na wanawake wengi mno wakaacha dawa. Kilichosikika kidogo ni kwamba tawi la pili la utafiti huo, la wanawake walioondolewa kizazi na kupewa estrojeni peke yake, halikuonyesha ongezeko la saratani ya titi. Walipofuatiliwa kwa miaka mingi zaidi, ilionekana kuwapata wachache kuliko wenzao.

Upande wa pili una ushahidi wake. Uchambuzi wa mwaka 2019 uliojumlisha tafiti 58 ulikadiria hivi: kati ya wanawake 1,000 wasiotumia homoni, 63 watapata saratani ya titi kati ya miaka 50 na 69. Wakianza homoni wakiwa na miaka 50 na kuzitumia miaka 5, idadi inakuwa takriban 83 kwa estrojeni na projestojeni ya kila siku, 77 kama projestojeni ni ya siku kadhaa za mwezi tu, na 68 kwa estrojeni peke yake. Sehemu ya hatari hiyo ilibaki zaidi ya miaka 10 baada ya kuacha.

Nani aaminiwe kuhusu estrojeni peke yake? Utafiti wa Marekani uliwagawa wanawake kwa bahati nasibu, na hiyo ni nguvu kubwa, lakini wengi wao walikuwa wamevuka miaka 60 na hedhi zao zilikatika zamani. Tafiti zilizojumlishwa mwaka 2019 zilifuatilia wanawake wa umri unaofanana na wenu, ila wao wenyewe ndio waliochagua kutumia dawa, na huenda walitofautiana na wengine kwa mambo mengi. Mimi naona ni sahihi kumwambia dada yako kwamba ongezeko kwake ni dogo au halipo. Kumwahidi kwamba dawa inamkinga nisingethubutu. Kwako wewe pande zote mbili zinakubaliana kwamba ongezeko lipo, na linakua kadiri miaka ya kutumia inavyozidi.

Saratani ya mama yenu inapandisha kiwango mnachoanzia nyote wawili. Ndugu mmoja aliyeugua baada ya ukomo wa hedhi hafungi mlango. Wangekuwa kadhaa, au angeugua akiwa kijana, ningetaka upimwe urithi kwanza.

Damu kuganda ni habari nyingine, na hapa namna ya kutumia dawa ina uzito kuliko jina lake. Kidonge kikimezwa, estrojeni inatoka tumboni na kupitia kwenye ini moja kwa moja ikiwa nyingi, na ini linajibu kwa kutengeneza zaidi vitu vinavyogandisha damu. Katika utafiti ule wa 2002, mabonge ya damu yaliwapata 34 kati ya 10,000 kwa mwaka, dhidi ya 16. Hatari huwa kubwa zaidi katika mwaka wa kwanza. Estrojeni ya kiraka au jeli hupenya ngozini na kuingia kwenye damu taratibu, haianzii kwenye ini. Tafiti za ufuatiliaji hazijaona ongezeko la mabonge kwa dozi za kawaida za ngozi. Ni kweli kwamba hakuna jaribio kubwa la bahati nasibu lililothibitisha hilo, na wanaosita wana haki ya kulitaja. Lakini matokeo yanaelekea upande mmoja na sababu yake inaeleweka, kwa hiyo sioni kwa nini mtu mwenye uzito mkubwa, kwa mfano, aanzishiwe kidonge wakati kiraka kipo.

Wapo wasiopaswa kuanza: aliyewahi kuugua saratani ya titi, anayetoka damu ukeni bila sababu kujulikana, mwenye bonge la damu kwa sasa, aliyepata kiharusi au shambulio la moyo, na mwenye ugonjwa mkali wa ini. Aliyewahi kupata bonge zamani asipewe kidonge. Kiraka kwake ni uamuzi wa daktari bingwa. Presha iliyo juu ishushwe kwanza. Anayeanza baada ya miaka 60, au zaidi ya miaka 10 tangu hedhi ikatike, anakabili hatari kubwa zaidi ya kiharusi na moyo. Krimu ya estrojeni ya dozi ndogo kwa ukavu wa uke haimo katika hesabu hizi, maana kinachofika kwenye damu ni kidogo sana.

Kama huna lolote kati ya hayo, ningeona inafaa upimwe presha na matiti, kisha uanze kiraka cha maikrogramu 50 au chini yake, pamoja na projesteroni asilia, ambayo ni aina mojawapo ya projestojeni, ya miligramu 100 kila usiku. Tafiti za ufuatiliaji zinaashiria kwamba projesteroni hiyo ni nafuu kwa titi kuliko projestojeni za kutengenezwa, ingawa hilo halijathibitishwa. Uonwe baada ya miezi 3, halafu kila mwaka uulizwe kama bado unaihitaji.

Matone ya damu katika miezi ya mwanzo ni kawaida. Yakiendelea baada ya miezi 6, au damu ikirudi baada ya kukatika kabisa, kizazi kipigwe picha ya ultrasaundi na utando wake uchunguzwe. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikatika ghafla, nenda hospitali siku hiyo hiyo.