Umerudi na akiba ndogo? Usianze na duka

Mi nimekaa nje miaka 9, sita kati ya hiyo napaka rangi majumba ya watu, na nimerudi na akiba ya kula miezi 8 tu kwa familia yangu. Basi kila mtu ananiambia fungua duka, wengine nunua gari la biashara. Nikakaa na kalamu kwanza.

Duka lenyewe lilitaka mzigo wa karibu miezi 6 ya matumizi yetu. Tuseme mzigo wote unaisha kila mwezi, na faida ni asilimia 10: hapo unapata kama siku 18 za kula, na kodi ya duka hujalipa bado. Siku 12 zilizobaki unazila kwenye mtaji, mwezi ujao rafu zina mapengo, wateja wanapungua, na we unadhani tatizo ni wateja. Gari nalo likiharibika tu, pesa yote imelala gereji.

Ndo nikarudi kwenye brashi na rola, japo ndugu waliona aibu kidogo (hiyo iliniuma, nakiri). Akiba ya miezi 5 niliitenga ya kula tu. Ngazi, msasa na vifaa vingine havikumaliza hata mwezi mmoja, na rangi ananunua mwenye nyumba, kwa hiyo hela yangu hailali popote. Siku 1 ya kazi, ukitoa nauli, inanilipa siku 2 na nusu za kula, maana yake nahitaji siku 12 za kazi kwa mwezi. Mwezi wa kwanza nikapata 5, wa pili 9, wa tatu 13. Ile miezi miwili ya mwanzo ilinilia akiba ya siku 25, na ndo kazi ya ile akiba.

Sasa kosa langu lilitoka majuu. Kule mshahara unaingia tarehe yake hata kama bosi humpendi, nikazoea kufanya kazi kwanza halafu nasubiri. Hapa nimemaliza nyumba ya mtu nzima, akaniambia tutaonana mwisho wa mwezi, na mwezi ukaisha mara tatu. Siku hizi naandikiana na mteja kabla sijafungua kopo: asilimia 40 naanza nayo, 40 mkono wa kwanza wa rangi ukikauka, 20 tukikagua pamoja.

Na plasta mpya siigusi kabla ya wiki nne hivi, nikiona chumvi nyeupe ukutani nasubiri zaidi hata mteja anikimbize vipi, kwa sababu rangi juu ya unyevu inatoa malengelenge na kubanduka, halafu unarudia bure na ile 20 ya mwisho huioni.

Gari bado nalitaka kweli, ila litanunuliwa na hela ya brashi, ile ya miezi 5 ikisharudi ilivyokuwa.