Makisio ya korosho huharibika kabla ya baraza

Mwandishi wa makala kuhusu bajeti ya halmashauri anasema upungufu wa mapato ulitokana na madiwani kupitisha bajeti bila kuisoma. Kwa halmashauri zetu za Mtwara, naona kosa huanza mapema zaidi, kwenye makisio ya ushuru wa korosho, ambao ni asilimia 3 ya bei ya mkulima. Tuseme zimekisiwa kilo milioni 10 kwa shilingi 3,000: ushuru ni milioni 900; bei ikishuka hadi 2,000, zinabaki milioni 600, ilhali matumizi yamekwishapangwa. Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango ndiyo yenye nafasi ya kudai bei na kilo za misimu iliyopita, kwa sababu rasimu ikifika barazani, kupunguza makisio maana yake ni kufuta zahanati ya kata ya mtu. Je, kamati ya kwenu huonyeshwa hesabu hiyo, au jumla tu?