Yule dada hakutisha watoto wetu, alisema kazi ilivyo

"Huyu msichana amekuja kuitia shule wanafunzi ama kuwafukuza?" Hilo swali la mzazi mmoja limezunguka sana hapa Nakuru tangu ile opendei ya shule ya manasi, pale dada aliyemaliza kosi juzi tu alipoongea kuhusu leba wodi.

Naelewa hofu ya mzazi. Mtoto ametoka fom foo, hajawahi kuingia wodini, halafu unampiga na stori za usiku bila kukaa chini. Na ni kweli mwanafunzi hapaswi kuachiwa akina mama peke yake, kuna nasi wa zamu na lekchara wa kumsimamia, hiyo dada angeitaja mapema.

Lakini tuangalie alichosema. Partografu, ile chati ya uchungu, mlango wa uzazi wa mama ukishafunguka sentimita 4 unasikiza moyo wa mtoto kila nusu saa, na uchungu pia unauhesabu kila nusu saa, mkono juu ya tumbo kwa dakika 10. Sasa piga hesabu ukiwa na akina mama 3, dakika 10 mara 3 ni 30, yaani nusu saa yote imeisha kwa kuhesabu uchungu peke yake, hujasikiza moyo hata mmoja, hujapima presha, hujaandika kitu! Hiyo hesabu sijaweza kuitoa kichwani, juu hapo ndipo watu huanza kujaza chati mama akishajifungua, kwa kukisia. Na huwa inajulikana, ukiona mapigo ya moyo wa mtoto kwa dakika ni 140, 140, 140 usiku mzima ujue hakuna aliyesikiza, moyo wa mtoto hupanda na kushuka.

Shida ya kukisia ni hii. Mama yuko sentimita 4 saa mbili asubuhi, mstari wa tahadhari kwenye hiyo chati unamtarajia 8 saa sita mchana kwa sentimita moja kila saa. Ukimpima saa sita umkute 6, amechelewa, ameshavuka mstari, kama mko helth senta ndogo ni wakati wa kupanga kumpeleka hospitali kubwa. Aliyejaza kwa kukisia ataandika 8 na mama atabaki hapo hapo.

Kuna wanaosema hizo chati ni za zamani, ati WHO ilitoa chati mpya 2020 inayoanza sentimita 5 na haina ule mstari. Sawa, lakini hata hiyo mpya moyo wa mtoto bado ni kila nusu saa, kwa hivyo usingizi haujaongezeka.

Mimi naona shule ingemrudisha mwaka ujao, na safari hii wampe meza, chati tupu na saa ya ukutani, wazazi wajaribu kujaza wenyewe nusu saa moja ya akina mama 3.