Usipanue chaneli kabla ya kuisoma kelele

Mteja akilalamika kwamba kasi imeshuka, mafundi wengi wa viungo vya redio huanza na jambo moja: wanafungua ukurasa wa mipangilio na kuitoa chaneli kwenye megahezi 20 kuipeleka 40, ikibidi 80. Mara nyingine kasi inapanda kweli. Mara nyingine kiungo kinaanza kukatika hovyo, na fundi anailaumu redio. Naamini tabia hii inatokana na kuijua nusu tu ya kanuni ambayo Claude Shannon, akiwa Bell Labs, aliitoa mwaka 1948. Nusu iliyosahaulika ndiyo inayoamua kama kupanua kutasaidia au la.

Kanuni yenyewe ni fupi:

```
C = B × log2(1 + S/N)
N = N0 × B
```

C ni kasi ya juu kabisa ambayo njia inaweza kubeba bila makosa, B ni upana wa chaneli, S ni nguvu ya mawimbi yanayofika, N ni nguvu ya kelele, na N0 ni kelele iliyomo kwenye kila hezi moja ya masafa. Mstari wa kwanza unajulikana na wengi. Wa pili ndio unaopuuzwa. Kelele ya joto imetanda kwenye masafa yote, kwa hiyo ukifungua mlango mara mbili unaingiza kelele mara mbili, wakati mawimbi yako hayajaongezeka hata chembe. Kila unapouzidisha upana mara mbili, uwiano wa mawimbi na kelele unashuka kwa desibeli 3. B inapanda, lakini kilichomo ndani ya mabano kinapungua.

Tuchukue kiungo cha kilomita 10 kwenye gigahezi 5.8, mnara unauona mnara. Tuseme nguvu inayotoka, pamoja na ongezeko la dishi, ni 36 dBm, na upande wa kupokea kuna dishi la desibeli 25. Umbali huo unakula takribani desibeli 128, kwa hiyo mawimbi yanafika yakiwa karibu -67 dBm. Kwenye megahezi 20, ukijumlisha na kelele ya redio yenyewe, sakafu ya kelele iko karibu -95. Uwiano wetu ni desibeli 28, yaani mawimbi yanaizidi kelele kama mara 630.

Kwa hali hiyo kanuni inatoa megabiti 186 kwa sekunde. Panua hadi 40, unapata 332. Panua hadi 80, unapata 585. Sasa jaribu njia nyingine: baki na 20, lakini uzidishe nguvu mara mbili. Unapata 206 tu. Nguvu yote ile imeleta megabiti 20, kwa sababu logi inazidi kuwa bahili kadiri uwiano unavyokuwa mkubwa. Hapa fundi anayepanua chaneli yuko sahihi kabisa.

Halafu miembe ikakua. Majani mabichi kwenye gigahezi 5.8 yanameza mawimbi vibaya sana. Tuseme yameondoa desibeli 27. Uwiano umebaki desibeli 1, mawimbi na kelele karibu sawa. Kwenye megahezi 20 kanuni sasa inatoa megabiti 23.5. Kwenye 40 inatoa 28, na kwenye 80 inatoa karibu 32. Umechukua chaneli pana mara nne na kuongeza megabiti 8. Hata ungepewa masafa yasiyo na mwisho, kwa nguvu hiyo hiyo usingevuka megabiti 36. Lakini ukibaki na 20 na kuzidisha nguvu mara mbili, unafika hiyo hiyo 36. Desibeli 3 tu za mawimbi zimefanya kazi ambayo masafa yote ya dunia yasingeizidi.

Mpaka kati ya hali hizi mbili uko wapi? Unaweza kuutafuta kwa kalamu. Uite uwiano x. Kuzidisha upana mara mbili kunalingana na kuzidisha nguvu mara mbili pale ambapo

```
(1 + x/2)^2 = 1 + 2x
```

na jibu ni x = 4, yaani desibeli 6. Juu ya hapo, upana ndio wenye faida kubwa. Chini ya hapo, kila senti iende kwenye mawimbi. Ningependa namba hiyo 6 ibandikwe kwenye kila kabati la vifaa, kwa sababu inamaliza ubishi mwingi.

Msomaji makini atasema: mbona hata kwenye kiungo kile dhaifu kupanua kuliongeza kasi, ingawa kidogo? Kwa kelele ya joto peke yake, kanuni haisemi kamwe kwamba kupanua kunapunguza. Ni kweli, na hapa ndipo redio za dukani zinapoachana na Shannon. Yeye alizungumzia usimbaji bora kabisa, unaoweza kufanya kazi hata mawimbi yakizama chini ya kelele. Redio ya jamii ya Wi-Fi ina ngazi chache zilizopangwa, na ya chini kabisa huhitaji uwiano wa desibeli 4 au 5 hivi. Chini ya hapo haipunguzi mwendo, inakata. Kiungo chetu cha desibeli 1 tayari kinakatika kwenye 20, na kwenye 80 kitakuwa karibu -5, yaani kimekufa.

Ndiyo maana dawa ya haraka ni kinyume cha ile iliyozoeleka: kubana chaneli. Redio nyingi za viungo vya nje zinaruhusu megahezi 10 au 5. Kwenye 5, kiungo chetu kinapata desibeli 7. Kanuni inasema umetoka kwenye uwezo wa megabiti 23.5 hadi 13, na redio yenyewe itakupa chache kuliko hizo, lakini zitapita usiku na mchana. Dawa ya kudumu ni kuinua antena ipite juu ya majani, kwa sababu hakuna mpangilio wowote utakaorudisha desibeli 27. Dishi kubwa zaidi upande wa kupokea nalo linasaidia, na halikuvushi kikomo cha nguvu kilichowekwa na mamlaka, mradi redio ya upande huo ipunguze nguvu yake inaporusha.

Kipo pia kipimo rahisi ambacho sioni mafundi wakikitumia vya kutosha. Andika sakafu ya kelele kwenye 20, kisha panua hadi 40 na uisome tena. Ikipanda kwa desibeli 3, hiyo ni kelele ya joto na hesabu zote hapo juu zinasimama. Ikipanda kwa 8 au 10, basi kwenye nusu mpya uliyoifungua kuna jirani anayerusha, na kwake yeye mstari ule wa N0 × B hauna maana. Hapo unaweza kupoteza hata pale ambapo kanuni iliahidi kuongeza kasi. Rudi kwenye 20, sogeza chaneli upande wa pili, pima tena. Na usome wakati wa jioni, jirani huyo akiwa na wateja wake wote hewani, kwa sababu saa nne asubuhi kelele yake inaweza isionekane kabisa.